Maji yamekatika, andika tarehe

Kabla ya kumwendea mwenye nyumba, chungulia bomba la jirani. Kama kwake maji yanatoka na kwako hayatoki, tatizo liko ndani ya uzio: bili haijalipwa, pampu imekufa au koki ya simtanki imefungwa. Kama mtaa mzima umekauka, mwenye nyumba hana la kufanya ila kuulizia mamlaka ya maji.

Hapo chukua daftari. Tuseme maji yalikatika Jumatatu tarehe 3 asubuhi. Andika siku hiyohiyo, kisha kila siku: bomba limefunguliwa saa ngapi, madumu mangapi yamenunuliwa, kwa bei gani. Piga picha ya mita. Simu uliyopiga pia iandike, pamoja na jibu ulilopewa, maana maneno ya mdomo hukanwa kirahisi.

Kisha tuma ujumbe wa maandishi: “Shikamoo baba. Maji hayatoki tangu tarehe 3. Nilikupigia tarehe 4, ukasema fundi atakuja kesho yake. Leo tarehe 7 hajafika. Naomba yarudi kufikia tarehe 9.”

Usikate kodi kufidia madumu bila makubaliano ya maandishi, utageuka mdaiwa. Akinyamaza, peleka daftari na mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa.