Moshi Utoke Wapi?

Wengi wetu tuliokuja kusoma Uingereza tuna bibi au shangazi kijijini ambaye bado anapika kwa mafiga matatu. Tukirudi likizo, tunaingia jikoni kumsalimia na kutoka tunafuta macho. Kabla ya kumshauri anunue jiko jipya, tuangalie moshi wenyewe unatoka wapi.

Moshi ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Sababu ya kwanza ni maji. Kuni mbichi huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo mzigo wa kilo 20 uliokatwa leo unaweza kuwa na kilo 10 za maji. Moto lazima uyageuze mvuke kwanza, na wakati huo unapoa na kufuka. Kuni zipasuliwe nyembamba, kama unene wa kifundo cha mkono, zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, na zifunikwe juu huku pande zikiachwa wazi. Zilizokauka zina nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha hulia kwa sauti kavu.

Sababu ya pili ni hewa. Kuni zikilala juu ya majivu, hewa haipiti chini yake. Yatolewe majivu, kisha kuni ziegemezwe juu ya wavu mdogo wa chuma, vidole vitatu kutoka sakafuni. Zisukumwe ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua.

Moshi unaobaki hupanda kwa sababu ni wa moto. Jiko likiwa na mlango tu, moshi hujaa kuanzia paani hadi usawa wa kizingiti cha juu cha mlango, yaani kichwani mwa anayesimama. Dirisha la chini halitoshi. Panahitajika tundu kileleni mwa paa, lenye kipaa kidogo juu yake cha kuzuia mvua, pamoja na mwanya chini wa kuingizia hewa safi.

Hapo bibi anaweza kukataa, na ana hoja. Mahindi yaliyowekwa darini juu ya moto hukaushwa na moshi, na wadudu huyakimbia. Ukiutoa moshi, umeondoa pia ulinzi wa chakula cha mwaka mzima. Basi mahindi yakaushwe vizuri juani, kisha yahifadhiwe kwenye pipa au mifuko isiyopitisha hewa, kabla paa halijatobolewa.

Wengine huhamia mkaa kwa kuwa haufuki. Lakini mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyoonekana wala kunuka. Kichwa kikianza kuuma na mwili kulegea, toka nje mara moja. Jiko la mkaa liwashwe barazani au uani, na lisiingizwe kamwe chumbani usiku kwa ajili ya joto, hata likibaki na makaa machache.