Memori Kadi Iliyokwama Nusu

Harusi imekwisha, mpiga picha anataka kuhamisha picha, na memori kadi imegoma. Nusu yake imetokeza kwenye tundu la kamera, haiingii, haitoki. Mkono unakimbilia koleo. Mvuto mmoja wa nguvu hapo unatosha kuipeleka kamera kwa fundi.

Kadi ya SD ina unene wa milimita 2.1, nayo ni maganda mawili ya plastiki yaliyogandishwa pamoja. Upande usio na lebo una vipande vya rangi ya dhahabu, 9 kwenye kadi za kawaida. Ndani ya tundu, kila kipande hupokewa na ulimi mwembamba wa chuma unaonesa kama springi. Kadi ikizeeka au ikikaliwa mfukoni, maganda huachana ukingoni, na ulimi mmoja unaweza kuzama kwenye ufa huo. Dalili yake ni hii: kadi ikivutwa huja kidogo, kisha hurudi kama imefungwa kwa mpira. Kinachoirudisha ni ule ulimi, na kila mvuto unazidi kuupinda.

Kwa hiyo mpiga picha wetu anazima kamera na kutoa betri, kisha anamulika tundu kwa tochi. Anaona ufa mwembamba kwenye kona ya kadi. Hatua inayofuata inashangaza wengi: haivuti, anaisukuma ndani milimita moja au mbili, taratibu, kwa kidole katikati ya ukingo. Matundu mengi ya kamera hufunga na kufungua kwa kusukumwa, hivyo wakati mwingine msukumo huo pekee huiachia kadi. Hata isipoachia, ulimi ulionasa hupata nafasi ya kujinasua.

Kisha anabana kadi kwa kibano kipana chenye ncha za plastiki, anaiegemeza kidogo sana upande wa lebo ili ndimi zipumue, na kuivuta kwa mstari ulionyooka. Haiyumbishi kulia na kushoto. Ikianza kurudi kama mpira, anasimama, anasukuma tena, anarudia. Kitu chembamba kama kisu au sindano hakipitishwi kamwe upande wa dhahabu, na gundi haikaribishwi hata kwa tone.

Kwenye kompyuta mpakato pana jambo la kuangalia kwanza. Baadhi ya matundu yake ni mafupi na hayana kufuli, hivyo kadi hubaki imetokeza nusu hata ikiwa imekaa sawasawa. Hiyo haijakwama, huondolewa kwenye programu, kisha huvutwa tu.

Kadi ikitoka, tochi inarudi tundunimo. Ndimi zote zinapaswa kulala sambamba, kwa kimo kimoja. Mmoja ukiwa umesimama au umelala juu ya jirani yake, kadi nyingine isiingizwe, maana itaukunja kabisa. Hapo ni kazi ya fundi. Kadi yenye ufa, ikiwa bado inasomeka, hunakiliwa kwa kisomeo cha bei nafuu cha nje, kisha haiingii tena kwenye kamera.