Mlango wa bafu ufungukie wapi?

Bibi mmoja wa Bombambili, hapa Songea, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akaangukia nyuma ya mlango uliofungukia ndani. Kila mwanawe alipousukuma, ulimbana mama pale pale penye maumivu. Bawaba nazo zilikuwa ndani, hivyo wakaupasua mlango kwa shoka.

Bafu likiwa dogo, anayeanguka mara nyingi huishia mlangoni. Kwa hiyo, kama nyumbani kuna mzee, mjamzito au mgonjwa wa kifafa, mlango ufungukie nje. Ubaya wake ni kumgonga anayepita koridoni. Mwambie fundi afunge bawaba upande ambao mlango ukifunguka utalala ukutani. Kwa mlango wa zamani, fremu nayo hurekebishwa, kwa kuwa imechongwa kuupokea mlango kwa ndani.

Korido ikiwa nyembamba mno, weka mlango wa kuteleza kwenye reli, mradi pembeni kuna ukuta mtupu wa kuupokea. Reli iwe juu, kwani ya sakafuni hukwaza miguu. Mlango huu huacha mwanya, hivyo sauti hutoka nje.

Faragha je? Usiondoe komeo, mzee akiona haya atauegemeza ndoo. Weka kitasa cha bafu chenye mfereji upande wa nje, kinachofunguka kwa sarafu. Kisha jaribu mwenyewe: jifungie, umwambie mtoto akufungulie.