Biashara ipi ilishwe, ipi ikamuliwe, ipi ifungwe

Kampuni yenye bidhaa moja haina la kuchagua: inayochuma, inarudisha humo humo. Shida huanza bidhaa zikifika tano au kumi. Kila meneja anakuja na hesabu zake, kila mmoja anaomba fedha zaidi, na kila mmoja ana sababu nzuri. Mwisho wa kikao bajeti hugawanywa kwa kuongeza kidogo kwa kila mtu, na hapo ndipo kampuni nyingi huanza kudhoofika bila kujua.

Mwaka 1970 Bruce Henderson, mwanzilishi wa kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group, alichapisha andiko fupi lililopendekeza njia nyingine. Weka bidhaa zote kwenye mchoro mmoja wa mraba. Mstari wa wima unapima kasi ya ukuaji wa soko. Mstari wa mlalo unapima ukubwa wako sokoni ukilinganishwa na mshindani wako mkubwa kuliko wote. Kila bidhaa ichorwe kwa duara ambalo ukubwa wake unafuata mauzo. Kisha mraba unakatwa mara nne. Bidhaa inayoongoza katika soko linalokua haraka ni nyota. Inayoongoza katika soko lililotulia ni ng'ombe wa maziwa. Iliyo nyuma katika soko linalokua ni alama ya kuuliza, na iliyo nyuma katika soko lililotulia ni mbwa.

Vipimo hivyo viwili havikuchaguliwa ovyo. Watu wa Boston walikuwa wameona viwandani kwamba kila jumla ya bidhaa zilizowahi kutengenezwa inapoongezeka maradufu, gharama ya kutengeneza moja hushuka kwa takriban asilimia 20 hadi 30. Aliyeuza zaidi amejifunza zaidi, basi gharama yake ni ndogo na fedha hubaki mkononi mwake. Kwa hiyo nafasi yako dhidi ya mshindani inaashiria fedha zinazoingia. Ukuaji wa soko, kwa upande wake, unaashiria fedha zinazotoka, kwa kuwa soko likikua kwa asilimia 30 nawe ukitaka kubaki ulipo, huna budi kujenga, kuajiri na kutangaza kwa kasi hiyo hiyo. Mchoro wote ni ramani ya fedha: zinatoka wapi, na ziende wapi.

Safaricom ya Kenya inafaa kuwekwa kwenye ramani hiyo, kwa sababu huchapisha mapato ya kila huduma kando. Tuchukue mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022. M-Pesa iliingiza takriban shilingi bilioni 107.7. Simu za sauti zilileta kama bilioni 83, intaneti ya simu kama bilioni 48, intaneti ya nyumbani na ofisini zaidi kidogo ya bilioni 11, na ujumbe mfupi karibu bilioni 11.

Anza na simu za sauti. Wakati huo Safaricom ilikuwa na takriban asilimia 65 ya laini zote nchini, na Airtel, iliyoifuata, kama asilimia 26. Gawanya 65 kwa 26, unapata 2.5. Namba yoyote inayozidi 1 inamaanisha unaongoza, 2.5 ni uongozi wa mbali. Mapato ya sauti mwaka huo yaliongezeka kwa chini ya asilimia 1. Hapo hakuna mjadala, huyu ni ng'ombe wa maziwa.

M-Pesa inataka uangalifu zaidi. Ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya soko la fedha kwa simu, na mapato yake yalipanda kwa asilimia 30. Mtu wa haraka ataiweka juu kabisa penye nyota. Lakini tangu Machi hadi Desemba 2020, kwa sababu ya janga la korona, Wakenya walikuwa wakitumiana kiasi kisichozidi shilingi 1,000 bila kutozwa ada, na mapato ya mwaka ule yakashuka kidogo. Ile asilimia 30 ilipimwa kutoka shimoni. Ukirudi hadi mwaka ulioishia Machi 2020, M-Pesa ilipokuwa na takriban bilioni 84.4, unakuta ukuaji wa asilimia 13 hivi kwa mwaka. Bado ni nyota, ila nyota iliyo karibu na mstari wa kukatia, si ile ya juu mawinguni. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hupima miaka mitatu au zaidi, na wala hawaukubali mwaka mmoja peke yake.

Mstari wenyewe pia una mtego. Kwa mazoea huwekwa kwenye asilimia 10. Penye mfumuko wa bei wa asilimia 6, huduma iliyokua kwa asilimia 10 imekua kwa 4 tu kiukweli; iliyobaki ni shilingi kupungua thamani. Asiyeutoa mfumuko wa bei kwanza atajikuta na nyota nyingi kuliko alizo nazo.

Sasa tazama maduara mawili yanayokaribiana kwa ukubwa: ujumbe mfupi na intaneti ya waya. Moja linashuka kwa kasi, kwa kuwa watu wamehamia WhatsApp. Lingine lilipanda kwa asilimia 18 hivi. Wengi wangeuita ujumbe mfupi mbwa, kisa unapungua. Mchoro hausemi hivyo. Anayeupeleka ujumbe huo kwa Wakenya wengi bado ni Safaricom, kwa hiyo uko upande wa anayeongoza, chini kabisa: ni ng'ombe aliyezeeka ambaye maziwa yanapungua lakini halishwi karibu chochote. Minara ipo tayari kwa ajili ya sauti na intaneti, na ujumbe unapita humo humo. Ukiufunga leo, unapoteza mabilioni na huokoi gharama yoyote ya maana. Tena ndio uleule unaomletea mteja wa M-Pesa uthibitisho wa muamala wake.

Hapo ndipo neno kuvuna linapohitaji kueleweka vizuri. Kuvuna bidhaa ni kuacha kuipanua, kukata matangazo yake, kupunguza aina na vifurushi visivyouzika, kuipa matengenezo tu, na kuchukua fedha zake kuzipeleka kwingine. Si kuitelekeza. Dalili ya kuvuna kupita kiasi huonekana katika namba ileile ya nafasi yako: soko likipungua kwa asilimia 5 nawe ukapungua kwa 15, hauvuni tena, unamwachia mshindani shamba. Kwa mtandao wa simu hatari ni kubwa zaidi, maana mteja akihama kwa sababu simu zinakatika, anahama na laini iliyobeba M-Pesa. Kasoro kubwa ya mchoro wa Henderson ni hiyo hapo. Unachora maduara yaliyosimama mbalimbali, ilhali mengine yanashikana chini kwa chini. Kabla ya kufunga chochote, inapasa kuuliza gharama zipi zitaondoka kweli, na bidhaa zipi nyingine zitaondoka nayo.

Fedha za ng'ombe zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda Ethiopia. Mwaka 2021 kundi la wawekezaji lililoongozwa na Safaricom lilishinda leseni ya huko kwa dola milioni 850, na Oktoba 2022 huduma zikazinduliwa Addis Ababa. Ethio Telecom, kampuni ya serikali, ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 60. Miezi michache baadaye Safaricom Ethiopia ilikuwa na kama milioni 2. Gawanya: ni karibu 0.03. Soko linakua, nafasi ni ndogo mno. Hii ni alama ya kuuliza iliyo halisi kabisa, na gharama zake zilionekana mara moja pale hasara za Ethiopia zilipoishusha faida ya kundi zima.

Alama ya kuuliza haistahili kupewa fedha kidogo kidogo. Henderson alilisisitiza hili, na ni sehemu ya mafundisho yake inayosahaulika kuliko zote. Soko halitakua haraka milele. Likitulia wewe ukiwa bado nyuma, alama ya kuuliza inageuka mbwa, na fedha zote za katikati zimekwisha liwa. Ama unaweka za kutosha kumfikia anayeongoza, ama kupata sehemu ya soko unayoweza kuiongoza, kama fedha kwa simu au mji fulani. Ama unatoka mapema.

Kutoka ndiko kugumu, na hakuna aliyekuonyesha vizuri kuliko Intel. Kampuni hiyo ya Marekani ilianzishwa mwaka 1968 ili kutengeneza chipu za kumbukumbu za kompyuta, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 ilitawala soko hilo. Kisha Wajapani wakaingia kwa viwanda vikubwa na ubora wa juu. Kufikia 1984 sehemu ya Intel katika kumbukumbu za aina ya DRAM ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 2. Soko lilikuwa likikua, hivyo kwa mchoro ilikuwa alama ya kuuliza. Kuifufua kungetaka viwanda vipya vya mamia ya mamilioni ya dola dhidi ya washindani walioiacha mbali.

Bado fungu kubwa la utafiti liliendelea kwenda huko. Wakubwa walikuwa na sababu mbili: kwamba kumbukumbu ndizo zinazowafundisha mafundi teknolojia mpya, na kwamba wauzaji hawawezi kwenda kwa mteja bila kuwa na kila kitu. Viwandani, kwa upande mwingine, kulikuwa na kanuni ya kawaida: bamba la silikoni lipewe bidhaa inayoleta faida zaidi kwa kila bamba. Kwa kanuni hiyo, mashine zilikuwa zimekwisha anza kuhamia kwenye chipu za kuendeshea kompyuta, zile ambazo IBM ilizitumia katika kompyuta yake binafsi ya mwaka 1981, kabla wakubwa hawajaamua lolote.

Katikati ya 1985 Andrew Grove, aliyekuwa rais wa kampuni, alimuuliza mwenyekiti Gordon Moore: kama bodi ingewafukuza wote wawili na kumleta mkuu mpya, huyo angefanya nini? Moore akajibu kwamba angeachana na kumbukumbu. Grove akasema basi watoke mlangoni, warudi, na walifanye wenyewe.

Uamuzi uligharimu. Viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi, na mwaka 1986 Intel ilipata hasara ya dola milioni 173. Ile hofu ya wateja haikutimia. Wauzaji walipopeleka habari, wateja wengi walikuwa wamekwisha itarajia, na wengine walishangaa tu kwamba ilichukua muda mrefu hivyo. Fedha na mafundi waliotoka kwenye kumbukumbu walielekezwa kwenye chipu ya 386, iliyotangazwa Oktoba 1985, ambayo Intel ilikataa kuwapa wengine leseni ya kuitengeneza. Kufikia 1992 ndiyo iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika uuzaji wa chipu.