Kamisheni Ikipungua, Andika Hesabu

Wakala wa mauzo ya matangi ya maji Dar es Salaam analipwa kamisheni ya asilimia 5 ya bei kabla ya VAT. Taarifa ya mwezi inasema Sh 182,900, na yeye anaona pungufu. Barua pepe yake kwa meneja inafaa iwe hivi:

“Shikamoo Meneja. Naomba taarifa yangu ipitiwe upya, kwa mujibu wa mkataba.

Ankara ya kwanza, Sh 2,360,000: bila VAT ni 2,000,000. Kamisheni 100,000, mmeandika 96,760.

Ankara ya pili, Sh 3,540,000: bila VAT ni 3,000,000. Kamisheni 150,000, mmeandika 145,140.

Tangi lililorudishwa, Sh 1,180,000: nililipwa 50,000, mmekata 59,000.

Stahili yangu ni 200,000. Tofauti ni 17,100. Nimeambatanisha ankara.”

Kosa la ankara mbili ni moja. Mhasibu alitoa asilimia 18 kwenye bei ambayo tayari ina VAT, wakati VAT huongezwa juu ya bei ya msingi. Kuirudia bei hiyo unagawanya kwa 1.18. Kwenye tangi lililorudishwa, makato yamepigwa kwenye bei yenye VAT, ingawa kamisheni yake haikulipwa hivyo.

Neno “mmenidhulumu” lisiwemo: meneja ataanza kujitetea badala ya kushika kikokotoo. Ila kabla ya kutuma, soma mkataba wako. Ukisema kamisheni hulipwa mteja akishamaliza deni, ankara isiyolipwa haidaiwi bado.