Kwa nini dawa hukaa zaidi mwilini mwa mtoto mchanga na mzee?

Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, familia nyingi zenye asili ya Kongo na Somalia huishi vizazi vitatu chini ya paa moja. Kabati la dawa ni moja, lakini miili ni tofauti.

Wataalamu hupima ukaaji wa dawa kwa nusu-maisha, yaani muda unaohitajika ili kiwango chake katika damu kipungue kwa nusu. Muda huo unaweza kurefuka kwa mtoto na kwa mzee, ila sababu hazifanani.

Ini changa

Mwaka 1975, Gerhard Levy wa chuo kikuu cha Buffalo na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu parasetamoli, inayoitwa asetaminofeni nchini Marekani, kwa watoto wachanga. Nusu-maisha yake ilikuwa kama saa tatu na nusu. Kwa mtu mzima ni kama saa mbili.

Ini la mtu mzima huifunga dawa hiyo zaidi kwa asidi ya glukuroni ili itoke kwa mkojo. Kwa mtoto mchanga kimeng'enya cha kazi hiyo bado ni dhaifu, kwa hiyo ini hutegemea zaidi njia ya salfeti. Njia hiyo humsaidia, lakini haizibi pengo lote. Ndiyo maana dozi zake hutenganishwa kwa muda mrefu zaidi, na daktari ndiye huzipanga.

Mafuta ya uzeeni

Mwaka huo huo, Ulrich Klotz na wenzake mjini Nashville walieleza habari ya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Kwa kijana wa miaka 20 nusu-maisha ilikuwa kama saa 20. Kwa mzee wa miaka 80, kama saa 90. Hata hivyo, uwezo wa mwili kuiondoa haukuonekana kupungua sana. Kilichobadilika ni mtawanyiko: dawa hiyo hupenda mafuta, na mwili wa mzee huwa na mafuta zaidi na maji kidogo. Dawa hujificha humo, kisha hurudi katika damu polepole.

Tuchukue mfano. Dawa inayomezwa kila siku huendelea kujilimbikiza mpaka zipite takriban nusu-maisha tano. Kwa kijana huyo ni saa 100, yaani siku nne. Kwa mzee ni saa 450, karibu siku 19. Bibi anaweza kuonekana mzima wiki ya kwanza, kisha wiki ya tatu akasinzia mchana, akachanganyikiwa au akaanguka. Jamaa hudhani ni uzee, kumbe ni dawa ile ile.

Na usharabu wa dawa tumboni? Kwa wazee haubadiliki sana kwa dawa nyingi. Kwa mtoto mchanga, tumbo hujimwaga polepole, hivyo dawa ya kumeza huweza kuchelewa kufanya kazi. Kuongeza dozi kwa sababu ya ucheleweshaji huo ni hatari, kwa kuwa ini lake bado halijaiondoa ile ya kwanza.