Aliyesoma bureti kutoka chini

Muhula unapokaribia, idara za kemia katika vyuo vikuu hutafuta wanafunzi wa uzamili wa kusaidia kusimamia maabara ya mwaka wa kwanza. Tangazo huwa fupi. Linataka mtu mvumilivu, anayeeleza mambo yakaeleweka, na mwenye mpangilio. Maombi yanayorudi huzirudisha sifa hizo kama zilivyotolewa: mimi ni mvumilivu, naeleza vizuri, nina mpangilio mzuri wa kazi. Anayezisoma barua hizo hana namna ya kumtenga mmoja na mwenzake, kwa hiyo anahamia kwenye orodha ya alama. Na alama, hata zikiwa A tupu, hazimwambii mwombaji atafanya nini saa nane mchana, mbele ya wanafunzi ishirini, kumi kati yao wakiwa wanamwita kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni nyepesi kuitaja kuliko kuitenda: chukua kosa moja la mwanafunzi, ulieleze lilivyoonekana, ulivyojua chanzo chake, na ulichofanya. Kosa moja tu, hadi mwisho. Nitachukua mfano wa titresheni, kwa sababu karibu kila mwanafunzi wa kemia huikuta mapema, na kwa sababu ina mtego ninaoupenda.

Kazi yenyewe ni hii. Mwanafunzi anachukua mililita 25 za asidi ya haidrokloriki kwa pipeti na kuziweka kwenye chupa ya koni. Asidi hiyo nguvu yake inajulikana: moli 0.100 kwa lita. Anaongeza matone mawili matatu ya fenolfthalini, kimiminika ambacho ndani ya asidi hakina rangi. Juu yake inasimama bureti, bomba jembamba la kioo lenye mistari na koki, limejaa haidroksidi ya sodiamu ambayo nguvu yake haijulikani. Anafungua koki, anatikisa chupa, na tone linaloleta waridi hafifu lisilopotea upesi ndilo la mwisho. Anasoma kiasi kilichotoka kwenye bureti, anapiga hesabu, anapata nguvu ya ile haidroksidi.

Mtego umo kwenye bureti. Mwanafunzi amezoea silinda ya kupimia, ambayo sifuri iko chini na namba zinapanda. Bureti imegeuzwa: sifuri iko juu, na namba zinaongezeka kwenda chini, kwa kuwa inapima kilichotoka na siyo kilichobaki. Sasa kimiminika kinaposimama kati ya 23 na 24, kwenye 23.40, mwanafunzi aliyezoea silinda anaanzia mstari wa 24 na kuhesabu visehemu kwenda juu. Anapata sita. Anaandika 24.60.

Kinacholifanya kosa hili liwe gumu kulikamata ni kwamba jibu lake linapendeza. Kwa 23.40, nguvu ya haidroksidi inatoka moli 0.107 kwa lita. Kwa 24.60, inatoka 0.102. Fundi wa maabara mwenye ujanja huitengeneza haidroksidi iwe mbali kidogo na 0.100 makusudi, ili asitokee wa kubahatisha. Mwanafunzi wetu, akijua kwamba vitabu hupenda 0.1, anatazama 0.102 na kutabasamu. Aliyesoma vizuri ndiye anayeanza kujitilia shaka.

Wasiwasi unamjia kwenye zamu ya pili. Safari hii ameanzia kwenye 0.50, wala siyo kwenye sifuri, na kwa mtindo wake wa kuhesabu kwenda juu anasoma 1.50. Kimiminika kinakoma kwenye 23.90, yeye anasoma 24.10. Akitoa, anapata 22.60. Zamu ya kwanza 24.60, ya pili 22.60, tofauti ya mililita mbili, wakati maelekezo yanataka matokeo yakaribiane ndani ya mililita 0.10. Ukweli ni kwamba zamu zote mbili zimetoa mililita 23.40 kamili. Mkono wake hauna kasoro. Jicho ndilo lililopotoka, na yeye hajui, kwa hiyo anaomba kurudia mara ya tatu, kisha ya nne.

Hapa ndipo msaidizi anapopimwa. Wa kwanza atapita mbio na kusema, "Umezidisha matone, rudia taratibu." Wa pili atasoma bureti mwenyewe, atamwandikia 23.40 kwenye daftari, na kuondoka. Wa kwanza amekosea ugonjwa. Wa pili amepata namba sahihi, lakini wiki ijayo mwanafunzi yuleyule atamwita tena. Wa tatu ndiye ambaye idara inamtafuta, na aya yake katika barua ya maombi ingeweza kusomeka hivi. (Barua halisi katika vyuo vyetu vingi itaandikwa kwa Kiingereza, naiweka hapa kwa Kiswahili ili tuione vizuri.)

"Nilipokuwa nikiwasaidia wadogo zangu wa mwaka wa kwanza kujiandaa na mtihani wa vitendo, mmoja alinionyesha matokeo mawili ya titresheni yaliyopishana kwa mililita mbili. Kabla ya kumwambia arudie, nilimwomba anioneshe kwa ncha ya kalamu alivyosoma bureti. Kalamu ilianzia 24 na kupanda. Nilimuuliza: kabla hujafungua koki, kimiminika kilikuwa kwenye namba gani? Akasema sifuri. Nikamwomba afungue koki kidogo kwenye bureti iliyojaa, na kunitajia namba kila kinaposhuka. Alipofika tatu alinyamaza, akageukia daftari lake na kuanza kurekebisha mwenyewe. Tangu hapo, kabla ya kazi yoyote ya bureti, humwomba kila mmoja asome mstari mmoja kwa sauti. Huchukua dakika chache, na hunionyesha nani anahitaji kusaidiwa kabla hajapoteza saa nzima."

Itazame aya hiyo. Hakuna mahali ilipotaja uvumilivu, lakini umo: mwombaji aliuliza na kusubiri badala ya kunyang'anya bureti. Kueleza kumo pia, na huenda hakufanani na tunavyokufikiria. Hakutoa mhadhara juu ya namna bureti ilivyotengenezwa. Alitafuta swali moja ambalo mwanafunzi angeweza kulijibu, akaacha kioo chenyewe kifundishe. Mpangilio umo katika sentensi mbili za mwisho, pale tukio moja lilipogeuka kuwa utaratibu. Mwombaji anayesema "nilimweleza hadi akaelewa" ameruka kipande ambacho msomaji alitaka kukiona.

Mpangilio, hata hivyo, unastahili aya yake peke yake, kwa sababu katika maabara unaonekana kwenye chupa kabla ya kuonekana kwenye daftari. Wanafunzi ishirini, kila mmoja akitumia takribani mililita 150 za haidroksidi kwa kusuuzia bureti, zamu moja ya kukisia na tatu za kupima, wanamaliza lita tatu. Mwenye kujua atahakikisha zipo lita nne. Na anayejua zaidi atauliza kama hizo lita nne zilitengenezwa kwenye chombo kimoja. Zikitengenezwa kwa mafungu mawili bila kuchanganywa, nguvu zake zitapishana kidogo, na nusu ya darasa itapata jibu tofauti na nusu nyingine bila yeyote kuwa amekosea. Msaidizi asiyeligundua hilo atawakata maksi watu kumi wasio na hatia. Ukiweza kuandika katika barua kwamba hurekodi kila mwanafunzi alichota kutoka chupa ipi, mratibu wa maabara atakuelewa kuliko ukimwandikia kwamba wewe ni mtu makini.

Kuna kingine ambacho waombaji wengi hukiacha, nadhani kwa kuogopa kuharibu sura ya upole: uvumilivu una mpaka. Mwanafunzi akisoma bureti vibaya, una muda wa kuuliza maswali. Akiinua pipeti na kuipeleka mdomoni avute kimiminika kwa pumzi, huna muda huo. Unamzuia papo hapo, unampa kivutio cha mpira, na maelezo yanafuata baadaye. Vivyo hivyo kwa aliyevua miwani ya kinga kwa sababu inaweka ukungu. Haidroksidi ya sodiamu huunguza jicho, na hata ile hafifu si ya kujaribiwa. Sentensi moja inayoonyesha kwamba unajua lini kuuliza na lini kuamrisha ina uzito kwa mtu atakayebeba lawama kama kuna ajali.

Kwa wanaoomba nafasi hizi Marekani, ambako wanafunzi wengi wa udaktari wa kemia hulipiwa karo na kupewa posho kwa kufundisha maabara, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, vyuo vingi hudai kipimo cha Kiingereza cha kuzungumza kabla ya kumkabidhi mgeni darasa, na mara nyingine mwombaji hutakiwa kufundisha kwa dakika chache mbele ya jopo. Ile hadithi ya bureti inafaa hapo pia, ila uisimulie ukiwa umewageukia wanaojifanya wanafunzi, wala siyo ubao. Pili, mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi chuoni kwa wiki wakati wa muhula, na saa za kusahihisha zinahesabiwa humo humo. Anayeahidi kuwa atapatikana muda wote ameonyesha kwamba hajasoma masharti yake.

Kusahihisha kwenyewe kunastahili mstari mmoja katika barua. Ripoti ishirini za titresheni, zikisomwa moja baada ya nyingine, hukuchosha kiasi kwamba ya kwanza unaipa maksi kwa ukali na ya ishirini kwa huruma. Njia moja ya kujilinda ni kusahihisha sehemu moja ya ripoti kwa wanafunzi wote, jedwali la usomaji kwanza, kisha hesabu, kisha maelezo ya makosa. Kwa njia hiyo 24.60 na 22.60 hukurukia machoni, kwa kuwa umetoka kuona 23.40 mara kumi na tano, na unaweza kumwandikia mwenye nazo: njoo na bureti, nioneshe ulivyosoma.

Mwisho wa barua, pale ambapo wengi huweka shukrani ndefu, weka ratiba yako ya vipindi. Mratibu ana makundi matano au sita ya kugawa, na swali alilo nalo mkononi ni nani yupo huru Jumanne mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, pamoja na nusu saa ya kabla kwa ajili ya kuhesabu bureti, na nusu saa ya baada kwa ajili ya kuzisuuza, kwa sababu haidroksidi ikilala usiku ndani ya bureti yenye koki ya kioo, asubuhi koki hiyo haizunguki.